Kiswahili hakina “the”, lakini shahidi anajua anachosema

Kuna hoja ambayo hurudi kila mara suala la kutumia Kiswahili katika sheria na mahakama za ukanda huu linapozungumzwa. Hoja hiyo husema hivi: Kiingereza kina vijineno viwili, “a” na “the”, na Kifaransa kina “un” na “le”. Kwa vijineno hivyo msomaji wa sheria hujua mara moja kama anayetajwa ni ofisa yeyote au ni ofisa yule yule aliyekwisha kutajwa. Kiswahili hakina vijineno hivyo. Kwa hiyo, wanasema, Kiswahili kinaacha mambo hewani, na mahakama haiwezi kufanya kazi na lugha inayoacha mambo hewani.

Nusu ya kwanza ya hoja hiyo ni kweli. Nusu ya pili si kweli, na inaweza kumtia mtu jela. Si kweli kwa sababu Kiswahili kinatofautisha kitu kinachojulikana na kitu kipya, ila hakiweki tofauti hiyo mahali ambapo Mwingereza ameizoea. Inaweza kumtia mtu jela kwa sababu mkalimani anayeamini kwamba tofauti haipo hataitafuta. Atachagua “a” au “the” kwa kubahatisha, na chaguo lake ndilo litakaloandikwa katika mwenendo wa kesi.

Tuanze na kazi yenyewe ya vijineno hivyo. Mtu anaposema kwa Kiingereza “a bag”, anamwambia msikilizaji: nakuletea mfuko mpya katika mazungumzo, usijisumbue kuutafuta kichwani. Anaposema “the bag”, anamwambia: mfuko huu unaujua, ama nimekwisha kuutaja, ama tunauona wote, ama ni mmoja tu unaoweza kuwa. Basi “the” ina dai ndani yake. Inadai kwamba kitu hicho kipo na kwamba sisi wawili tunakijua. Aliyeulizwa swali lenye “the” anakuta jambo hilo limekwisha kukubaliwa kabla hajafungua kinywa.

Mwaka 1975 watafiti wawili wa Marekani, Elizabeth Loftus na Guido Zanni, walichapisha jaribio kuhusu jambo hilo. Waliwaonesha wanafunzi filamu fupi ya ajali ya magari, kisha wakawapa maswali. Baadhi yao waliulizwa kama waliona taa ya gari iliyovunjika, kwa kutumia “a”. Wengine waliulizwa swali lile lile, ila kwa kutumia “the”. Baadhi ya vitu vilivyoulizwa havikuwamo kabisa katika filamu. Walioulizwa kwa “the” walisema “ndiyo, niliiona” mara nyingi zaidi kuliko wenzao, hata kwa vitu ambavyo havikuwapo. Walioulizwa kwa “a” ndio walioelekea zaidi kujibu kwamba hawajui. Filamu ilikuwa moja, na kijineno kimoja kilitosha kubadili ushahidi.

Sasa chukua swali hilo ulilete kwetu. Wakili anaweza kumuuliza shahidi: “Uliona taa iliyovunjika?” Anaweza pia kumuuliza: “Uliiona taa iliyovunjika?” Yasome maswali hayo mawili kwa sauti. Tofauti ni irabu moja tu, ile “i” ya pili katika “uliiona”. Lakini mtu aliyekulia katika Kiswahili anasikia maswali mawili. La kwanza linauliza kama kulikuwa na taa ya namna hiyo. La pili linachukulia kwamba taa iliyovunjika ilikuwapo, nami na wewe tunajua, na kilichobaki ni kujua tu kama macho yako yaliifikia. Hiyo “i” inafanya kazi ile ile iliyofanywa na “the” katika jaribio la Wamarekani. Ipo, ila imekaa ndani ya kitenzi, si mbele ya jina.

Shuleni tulifundishwa kuiita kiambishi cha mtendwa. Kwa vitu visivyo na uhai, kiambishi hicho kwa kawaida si cha lazima, na ndiyo maana kinabeba maana kinapotumika. “Nimenunua kitabu” ni habari ya ununuzi, na msikilizaji hatarajiwi kujua ni kitabu gani. “Nimekinunua kitabu” husemwa na mtu ambaye tulikwisha kuongea naye juu ya kitabu fulani, labda kile alichokuwa akikitafuta tangu mwezi uliopita. Anayeingia dukani na kusema “nataka sukari” hajaitaja sukari yoyote maalumu. Anayesema “naitaka sukari” ama ilikuwa imewekwa kando kwa ajili yake, ama mwenye duka alidhani kwamba haitaki tena. E. O. Ashton aliieleza tabia hii katika kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili kilichotoka mwaka 1944, kwa hiyo si jambo lililogunduliwa jana.

Tofauti hiyo huonekana wazi zaidi katika kukanusha. Mwenye mzigo anafika kwenye kituo cha forodha, na baadaye ofisa anaeleza kilichotokea. Akisema “hakuleta cheti”, tunaelewa kwamba mtu yule alikuja mikono mitupu, na huenda cheti hakipo kabisa. Akisema “hakukileta cheti”, tunaelewa kwamba cheti kipo, kinajulikana, ila siku hiyo hakikuja naye. Kauli ya kwanza inaweza kuwa mwanzo wa shtaka la kuvusha mali bila kibali. Ya pili ni habari ya mtu aliyesahau karatasi nyumbani. Anayetafsiri kauli zote mbili kwa maneno yale yale ya Kiingereza ameufuta utetezi wa mtu huyo.

Hapa lazima niweke mpaka, maana kanuni hii ikishikwa kijinga nayo italeta madhara. Kiambishi kikiwapo, kwa kawaida kinaonesha kwamba kitu kinajulikana. Kikikosekana, hakithibitishi kwamba kitu ni kipya. Mtu anaweza kusema “nimefunga mlango” akiwa na maana ya mlango wa nyumba mliyomo nyote wawili. Tena kadiri unavyoondoka pwani kuingia bara, na zaidi ukifika Kongo, utawakuta wasemaji wengi ambao hawatumii viambishi vya vitu kwa wingi kama inavyofanyika Unguja au Mombasa. Kwao “niliona mfuko” inaweza kuwa mfuko wowote au mfuko ule ule. Mkalimani anayemsikiliza shahidi wa Lubumbashi kwa masikio ya Unguja atasikia upya ambao shahidi hakuukusudia.

Mpaka wa pili ni watu. Kiswahili kinapenda kuweka kiambishi kwa mtendwa mwenye uhai, awe anajulikana au hajulikani. Twasema “nilimwona mtu” hata kama mtu huyo hatukumjua wala hatukuwahi kumtaja. Hiyo “m” inaonesha uhai wake, haimtambulishi. Kwa hiyo tukitaka kujua kama mtu anayetajwa ni mpya au ni yule yule, lazima tuangalie kwingine.

Pa kuangalia pako patatu. Pa kwanza ni maneno ya kutambulisha: “mmoja”, “fulani”, “yeyote”. Hadithi zetu huanza kwa kusema kwamba hapo zamani za kale palikuwa na mzee mmoja. “Mmoja” hapo si hesabu, hakuna aliyedhani kwamba wazee walikuwa wawili. Ni namna ya kusema: huyu humjui bado, ndiyo kwanza anaingia. Kauli ya “palikuwa na” nayo inafanya kazi hiyo hiyo ya kumfungulia mlango.

Pa pili ni maneno ya kuonesha, na hapa Kiswahili kina utajiri ambao “the” haina. Baada ya yule mzee kuingia katika hadithi, sentensi ya pili haisemi tena “mzee mmoja”. Inasema “mzee huyo”. Neno “huyo”, pamoja na ndugu zake “hicho”, “hiyo”, “hizo” na “huo”, lina kazi maalumu ya kumrudisha msikilizaji kwa kilichotajwa punde. Kisha kuna “yule”, ambalo likitangulia jina huwa na maana ya yule tunayemfahamu sote. “Yule mzee amekuja” husemwa hata kama mzee hayupo machoni, mradi tumewahi kumzungumzia. “Mzee yule” aghalabu huambatana na kunyoosha kidole: yule pale, chini ya mwembe.

Pa tatu ni mpangilio wa maneno. “Mgeni amefika” hueleweka kuwa mgeni tuliyekuwa tukimsubiri. “Amefika mgeni” ni tangazo: kuna mtu hapo nje ambaye hatukumtarajia. Kinachojulikana huelekea kutangulia, na kipya huelekea kuja nyuma. Ndiyo sababu mtu akiulizwa habari za mfuko uliopotea hasemi “Juma amechukua mfuko”. Husema “mfuko ameuchukua Juma”. Mfuko unajulikana, umetangulia na umepata kiambishi chake. Jina la Juma ndilo habari mpya, na limewekwa mwisho.

Sasa tuviweke vyote pamoja katika kesi. Nimeitunga mwenyewe kwa ajili ya mfano, ila haina lolote ambalo halitokei katika vituo vya mabasi vya ukanda huu kila wiki. Abiria amepotelewa na mfuko wenye simu alizokuwa akienda kuziuza ng’ambo ya mpaka. Kijana mmoja amekamatwa. Shahidi ni mama anayeuza chai kituoni. Anatoa ushahidi kwa Kiswahili, na kumbukumbu zinaandikwa kwa Kiingereza. Anasema: “Nilimwona kijana akichukua mfuko kwenye buti ya basi. Baadaye nikamwona kijana akiuweka mfuko kwenye bodaboda.”

Mkalimani mwenye haraka, akimtazama mshtakiwa aliyesimama kizimbani, atafasiri sentensi ya kwanza kwa “the” mara mbili: kijana huyu tunayemjua alichukua mfuko huu tunaoujua. Lakini shahidi hakusema hivyo. “Nilimwona kijana” haituambii kama kijana ni huyu aliyepo mahakamani, kwa sababu ile “m” ingekuwapo hata kwa kijana asiyejulikana kabisa. “Akichukua mfuko” haina kiambishi cha mfuko. Shahidi ametueleza alichokiona siku ile kwa macho ya mtu asiyejua bado kwamba kuna wizi: kijana fulani alitoa mfuko fulani katika buti. Ndivyo watu wanavyofanya katika kila kituo cha mabasi, na si kosa.

Sentensi ya pili ni tofauti. “Akiuweka mfuko” ina kile kiambishi “u”. Sasa mfuko umekwisha kutajwa, na shahidi anasema kwamba uliowekwa kwenye bodaboda ndio ule uliotoka kwenye buti. Hapo “the” ni halali. Lakini kijana wa sentensi ya pili bado ana utata. Shahidi hakusema “kijana huyo” wala “yule kijana”. Inawezekana ni yule yule, na inawezekana ni mwingine. Iwapo ni mwingine, kesi nzima inabadilika, maana mfuko ulipita katika mikono miwili.

Kwa hiyo tafsiri ya haki ya maneno ya mama yule ni hii: kijana asiyejulikana alichukua mfuko usiojulikana, kisha kijana ambaye hatujui kama ni yule yule akauweka mfuko huo kwenye bodaboda. Kiingereza hakimruhusu mkalimani kuliacha jambo wazi namna hiyo. Kwa kila jina linalohesabika analazimika kuchagua, na akichagua amesema kitu. Huo ndio upungufu wa Kiingereza hapa, nao hausemwi mara nyingi. Kiswahili kinamruhusu shahidi kukaa kimya juu ya jambo asilolijua. Kiingereza kinamsemea.

Dawa yake si ngumu. Mkalimani anapofika kwenye jina lisilo na alama, asibahatishe. Amwombe hakimu ruhusa ya kuuliza. Hakimu, au wakili, aulize: “Kijana yupi?” “Mfuko upi?” Maneno “yupi” na “upi” yanafaa kwa sababu hayamwekei shahidi jibu mdomoni. Lakini mtu akiuliza “Kijana huyu?” huku akimtazama mshtakiwa, amekwisha kumwonesha shahidi jibu. Na akiuliza “Uliuona mfuko wa simu?” amemwambia kwamba mfuko ulikuwa wa simu na kwamba ulikuwapo. Swali salama ni “Uliona mfuko wowote?” au “Uliona nini?” Wakili anayelinda haki ya mteja wake anapaswa kusimama na kupinga kiambishi hicho, kama vile wakili wa Kiingereza anavyoweza kupinga swali linaloongoza.

Hatari ipo pia kwenye upande wa kuandika. Mwandishi wa kumbukumbu, au mhariri wa taarifa ya polisi, akikuta “uliiona” anaweza kudhani kwamba “i” mbili ni kosa la kupiga chapa, akafuta moja. Vivyo hivyo kwa “aliileta” na “waliifungua”. Akifanya hivyo hajasahihisha tahajia, amebadilisha ushahidi. Yeyote anayehariri maandishi ya Kiswahili yenye uzito wa kisheria anapaswa kusoma herufi hizo mbili kwa sauti kabla hajagusa kitufe cha kufuta.

Kuna wanaodhani dawa ni kuiga Kiingereza: kila penye “a” weka “moja” au “mmoja”, na kila penye “the” weka “hiyo” au “huyo”. Tafsiri za namna hii zimejaa katika mikataba ya kazi na masharti ya mikopo, na zinachosha. Msomaji anakutana na “mkopaji huyo”, “benki hiyo” na “mkopo huo” mpaka hajui tena ni lini neno “huo” linamwonesha kitu na ni lini linajaza nafasi tu. Na “mmoja” likiwekwa ovyo linageuka kuwa hesabu. Sharti linalosema kwamba mkopo “utadhaminiwa na mtu mmoja” litasomwa na wengi kwamba wadhamini wawili hawakubaliki, ilhali mwandishi alikusudia mtu yeyote.

Chukua tangazo la mpakani. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki kuna utaratibu uliorahisishwa kwa wafanyabiashara wadogo wenye bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, ambazo thamani yake haizidi dola 2,000 za Marekani. Wao hutumia cheti chepesi cha uasili wa bidhaa. Tuseme tangazo la kuwaeleza utaratibu limetafsiriwa neno kwa neno: “Mfanyabiashara atawasilisha bidhaa kwa ofisa. Ofisa atakagua bidhaa na kutoa cheti. Ofisa atagonga mhuri cheti.” Maofisa hapo ni wangapi? Anayegonga mhuri ni yule aliyekagua, au ni mwingine wa ng’ambo? Mama mwenye magunia mawili ya maharage hawezi kujua, na asiyejua ndiye anayeishia kumlipa kijana wa kumsaidia kupita njia ya panya.

Sasa tuliandike kwa Kiswahili kinachotumia zana zake: “Mfanyabiashara aziwasilishe bidhaa zake kwa ofisa yeyote wa forodha. Ofisa huyo atazikagua na kumpa cheti. Cheti hicho kitagongwa mhuri na ofisa wa upande wa pili wa mpaka.” Maneno yameongezeka kidogo tu. “Yeyote” limesema kwamba ofisa wa kwanza hachaguliwi. “Huyo” limemrudisha kwa yule yule. Kiambishi “zi” katika “atazikagua” kimeondoa haja ya kuzitaja bidhaa tena. “Hicho” limeshika cheti kimoja tangu mwanzo hadi mwisho, na maneno “wa upande wa pili wa mpaka” yameonesha kwamba ofisa wa mwisho ni mwingine. Hakuna “the” hata moja, na hakuna aliyepotea.

Jambo hili ni la ukanda mzima kwa sababu Waswahili si peke yao wanaofanya hivi. Jirani zetu wengi wa Kibantu wanatofautisha kwa njia ambazo Mswahili anaweza kuzitambua. Mnyarwanda husema “nasomye igitabo”, nimesoma kitabu. Kitabu kikiwa kinajulikana atakitanguliza na kukiwekea kiambishi katika kitenzi: “igitabo naragisomye”. Ile “gi” ni ndugu wa “ki” yetu. Na akitaka kusema yule mzee tuliyemzungumzia, husema “wa musaza”, akitanguliza neno la kuonesha na kuiacha irabu ya mwanzo ya “umusaza”. Sisi tunasema “yule mzee”. Mpangilio ni ule ule.

Mganda naye husema “silya nnyama”, sili nyama, yaani nyama ya aina yoyote. Lakini kama ni nyama hii iliyo mezani asiyotaka kuila, atasema “ennyama sigirya”, nyama siili. Angalia vizuri: irabu ya mwanzo imerudi, nyama imetangulia, na kiambishi “gi” kimeingia katika kitenzi. Sisi nasi tuna “sili nyama” na “nyama siili”, na tofauti ya maana ni ile ile. Mganda anayejifunza Kiswahili hana haja ya kufundishwa jambo hili kupitia Kiingereza. Tayari analo nyumbani.

Msomali, ambaye nchi yake imekuwa mwanachama kamili wa Jumuiya tangu mwaka 2024, yuko mahali pengine. Lugha yake si ya Kibantu, nayo ina kijineno cha kutambulisha, ila hukibandika mwishoni mwa jina. “Nin” ni mwanamume asiyejulikana bado. “Ninkii” ni yule mwanamume tunayemjua, aliyekwisha kutajwa. Msomali anapotoa ushahidi kwa Kiswahili huenda akatafuta pa kubandika mkia huo asipate, akasema jina tupu. Mkalimani mwenye kujua hili atamuuliza “yupi?” badala ya kudhani kwamba shahidi hajui anachosema.

Haya yote yasingekuwa na haraka kama Kiswahili kingebaki sokoni na kwenye redio. Lakini hakikubaki huko. Rwanda ilikifanya kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Tanzania mwaka 2021 ilirekebisha sheria zake ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya utoaji haki, na kazi ya kutafsiri sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza ni kubwa. Wakati huohuo, mkataba wa Jumuiya unasema lugha rasmi ya Mahakama ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha ni Kiingereza. Maana yake ni kwamba kwa miaka mingi ijayo maneno ya watu wetu yataendelea kuvuka kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza na kurudi, na kila yanapovuka, mtu fulani anaamua kama mfuko ni “mfuko” au “mfuko ule”.

Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iko Zanzibar, na kazi ya namna hii inaihusu. Wakalimani wa mahakama wanahitaji mafunzo yanayoanza na jambo hili, kabla ya orodha ndefu za istilahi. Orodha ya istilahi itamwambia mkalimani jinsi ya kuita hati ya kiapo, lakini haitamwambia afanye nini shahidi anaposema “akichukua” badala ya “akiuchukua”. Mafunzo hayo yawe na rekodi za mashahidi kutoka Unguja, Kisumu, Mwanza, Kampala, Bujumbura na Goma, ili mkalimani ajue nani hutumia kiambishi kwa ukamilifu na nani hutumia neno la kuonesha badala yake. Na sheria ya mwenendo wa mashauri iruhusu wazi wazi mkalimani kusema: “Mheshimiwa, shahidi hakubainisha.” Leo mkalimani anayesema hivyo anaonekana kama hajui kazi yake, kumbe ndiye anayeijua.

Wanaosema kwamba Kiswahili kinaacha mambo hewani wakakae kituo cha mabasi asubuhi moja na kusikiliza. Watamsikia kondakta akiuliza “umelipa nauli?” kwa abiria aliyeingia sasa hivi, na “umeilipa ile nauli?” kwa yule anayedaiwa tangu jana. Abiria wote wawili wanaelewa vizuri sana wanachoulizwa. Mahakama nayo inaweza kuelewa, ikikubali kusikiliza kitenzi.